Hasara Ikitokea, Ni ya Nani?

Anayenunua gauni kwenye mnada wa Msalato siku ya Jumamosi hana haja ya kuuliza maswali mengi. Analishika, analivuta kuona kama kitambaa kinavutika, analigeuza ndani kukagua mshono, analipima mabegani, anaomba apunguziwe, analipa na kuondoka nalo. Fedha na nguo zimebadilishana mikono kwa wakati mmoja, na wawili hao wanaachana wakiwa hawadaiani chochote.

Mimi nauza nguo kwa simu, hapahapa Dodoma. Mteja wangu hashiki kitambaa wala hanioni usoni. Anaona picha, anasoma maelezo, analipa, halafu anasubiri. Kati ya saa fedha yake inapotoka na saa nguo inapofika mikononi mwake, mmoja wetu anamdai mwenzake. Ikiwa ametangulia kulipa, namdai imani. Ikiwa nimetangulia kutuma, yeye ndiye ananidai imani. Karibu maswali yote ninayoulizwa yanatoka katika muda huo wa kudaiana: analipaje, atapata lini, na isipomtosha itakuwaje.

Majibu yangu nimeyaandika mahali pamoja ili kila mteja ayasome kabla ya kulipa. Kazi ya kuyaandika imenifunza jambo ambalo sikulitarajia katika biashara ya magauni. Maduka mengi hujibu maswali haya kwa lugha ya tangazo: malipo ni rahisi, tunatuma mikoa yote, unaweza kubadilisha. Sentensi hizo ni nzuri kusikia, lakini siku jambo likiharibika hazimsaidii mtu yeyote, kwa sababu hazisemi hasara ni ya nani. Nimefika mahali pa kuamini kwamba jibu la kweli kwa mteja lina mambo matatu: nani anabeba hasara, kuanzia saa gani, na mpaka saa gani. Likikosa hayo, bado hujamjibu.

Nalipaje, na nitajuaje ni wewe?

Swali la malipo mara chache huja kwa jina lake. Mtu anauliza, “Dada, duka lenu liko wapi?” au “Naweza kulipa nikishapokea?” Anachouliza hasa ni kama mimi ni tapeli, ila adabu haimruhusu kulitamka. Na ana haki ya kuuliza. Sote Tanzania tumeshapokea ile meseji ya mtu tusiyemjua inayosema “ile hela itume kwenye namba hii”. Wapo waliotuma kweli, kwa kuwa siku hiyohiyo walikuwa wanadaiwa kodi au ada, wakadhani ni mwenye nyumba au mwalimu mkuu. Mteja anayenihoji sana amejifunza kutokana na mji anaoishi, na kumjibu kwa ukali ni kumwadhibu kwa kuwa mwangalifu.

Maneno ya kubembeleza, kama “niamini dada yangu”, hayamfai kitu, maana hata tapeli anayatumia. Kinachomfaa ni jambo analoweza kulihakikisha mwenyewe bila kunitegemea. Kwa bahati njema lipa namba inampa nafasi hiyo. Akiingia kwenye menyu ya simu yake, akachagua kulipia bidhaa, akaweka namba na kiasi, jina la biashara hutokea kwenye skrini kabla hajaweka namba ya siri. Kwa hiyo jibu langu linataja jina lile kwa herufi zote, kama linavyotokea, na linaendelea: likitokea jina jingine lolote, usiweke namba ya siri, nipigie. Linasema pia kwamba sibadilishi lipa namba kwa meseji, hata meseji hiyo ikionekana imetoka kwangu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao ajitambulishe kwa mnunuzi na kueleza bidhaa yake. Mimi naliona hilo kama heshima ya kawaida, kwamba anayeomba fedha aanze yeye kujulikana.

Sipokei malipo kwa namba yangu binafsi, na sababu nimeiandika. Fedha ikitumwa kwa namba ya mtu, huzuka mjadala wa “weka na ya kutolea”. Gauni la shilingi 48,000 linageuka kuwa la 48,000 na kitu, na mteja anajiuliza kama bei niliyomtajia ilikuwa bei kweli. Kwenye lipa namba, makato ya kuihamisha fedha ni yangu, na nimeshayahesabu ndani ya bei. Anayeuza ndiye anayejua gharama zake, basi azimalize kabla ya kutaja bei.

Muuzaji naye ana hofu yake, na ni vizuri akaisema. Meseji ya malipo inaweza kughushiwa, na picha ya muamala inaweza kuhaririwa. Kwa hiyo mteja akisema ameshalipa, mzigo hautoki mpaka nimeiona fedha kwenye orodha yangu ya malipo. Hili nimeliandika waziwazi, likimhusu kila mtu, awe mteja mpya au dada yangu wa tumbo moja. Sharti likiwa la wote na likiwa limeandikwa mapema, halimtuhumu mtu. Ningelitoa siku ileile mteja anaponitumia picha ya muamala, lingesikika kama nimemwita mwizi.

Kuna hali ya tatu ambayo maduka mengi huisahau: mtandao unasumbua, simu ya mteja inaonyesha fedha imekatwa, na kwangu haijafika. Hapo hakuna mwongo. Jibu langu ni kwamba atanipa namba ya kumbukumbu ya muamala, nami nitamwekea nguo ile kwa saa 24 bila kuiuza kwa mwingine, lakini sitaituma mpaka fedha ifike au imrudie kwenye simu yake alipe upya. Hasara ya kusubiri tunaigawana: yeye anasubiri nguo, mimi nasubiri mauzo. Mtu akijua kwamba na mwenzake ana sehemu yake katika kusubiri huko, hasira hupungua.

Limebaki lile la kulipa baada ya kupokea. Ndani ya mji nakubali. Bodaboda anafika Makole, Area C, Ilazo au Nkuhungu, mteja anaitazama nguo, analipa mbele yake, na akiikataa analipia usafiri tu. Kwa aliye Mpwapwa au Manyoni mambo ni tofauti, kwa sababu konda wa basi hawezi kunikusanyia fedha. Huko naomba kianzio, na kiasi chake ndicho kilichonifikirisha kuliko kitu kingine chochote katika biashara hii. Wapo wanaotaka nusu ya bei. Nilijiuliza, nusu ya bei inalinda nini? Mteja akikataa mzigo, nguo itarudi kwangu nzima na nitaiuza. Ninachopoteza ni nauli ya mzigo kwenda na kurudi. Ikiwa kutuma ni 5,000, basi kianzio ni 10,000, hakizidi hapo. Kikibaki kwangu kwa sababu mteja hakutokea, kimelipa kile hasa nilichopoteza. Akichukua nguo, kinaingia kwenye bei, na salio analilipa kwa lipa namba kabla sijaruhusu ofisi ya basi imkabidhi.

Kianzio kile kilinionyesha mpaka kati ya kujilinda na kunyonya. Dhamana inayolingana na hasara inayoweza kutokea ni ya haki. Ikizidi hapo, inakuwa faida niliyoichuma kutoka kwenye hofu yangu mwenyewe. Tangu nione hivyo, kila mtu anapotaka dhamana kwangu, au mimi kwake, nauliza swali moja: likiharibika, kitapotea nini hasa?

Nitapata lini?

Anayeuliza atapata lini mara nyingi ana siku kichwani. Ana sendofu Jumamosi, ana usaili Jumatatu, mtoto anafungua shule. Kumjibu “haraka iwezekanavyo” ni kumwachia hesabu asiyoweza kuifanya. Jibu linahitaji saa, na kabla ya saa linahitaji kusema saa hiyo inaanza kuhesabiwa wapi. Kwangu inaanza malipo au kianzio kinapoonekana. Siku mteja aliyoanza kuulizia haihesabiwi. Anayekamilisha kabla ya saa 6 mchana, na yumo mjini, anapata siku hiyohiyo. Anayekamilisha baada ya hapo anapata kesho yake kabla ya saa 8 mchana.

Dodoma imetanuka, na neno “mjini” sasa linataka maelezo. Serikali ilipohamia hapa, na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, wateja wengi wa magauni ya ofisini walihama na kazi zao kwenda upande ule wa mashariki, barabara ya Dar es Salaam. Bodaboda mmoja kubeba nguo moja mpaka Mtumba kunakula faida yote, au kunampandishia mteja bei isivyo lazima. Kwa hiyo oda za Mtumba na Ihumwa zinakusanywa na kutoka kwa safari moja, ili zifike saa ya chakula cha mchana, mtu anapoweza kutoka getini. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho ni kikubwa. Mwanafunzi akisema “nipo chuo” hajasema kitu. Namwomba ataje koleji na mahali pa kukutana, kwa sababu bodaboda akizunguka akitafuta, muda unaopotea ni wa mteja anayefuata.

Nje ya mji nguo inasafiri kwa basi, na hapa ndipo ahadi nyingi za wauzaji huvunjika. Mzigo unafungwa, unaandikwa jina la mpokeaji na namba yake ya simu pande mbili, kwa sababu karatasi ya upande mmoja ikichanika mzigo unakuwa yatima. Unapelekwa ofisi ya mizigo ya basi stendi ya Nanenane, inatolewa risiti. Mteja anatumiwa picha ya risiti ile, pamoja na jina la basi, namba za gari, saa ya kuondoka na simu ya konda. Kwa taarifa hizo nne anaweza kuufuatilia mzigo wake bila kunipigia mimi. Likitoka Dodoma asubuhi, basi la Kondoa limefika mchana. Barabara ni ya lami, inaendelea mpaka Babati.

Kuliko muda wenyewe, swali zito ni hili: mzigo ukipotea njiani, ni wa nani? Wauzaji wengi huandika kwamba wakishakabidhi basi, jukumu lao limekwisha. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inawapa pa kushikia, kwani pasipo makubaliano mengine, kumkabidhi msafirishaji huhesabiwa kwa kawaida kuwa ni kumkabidhi mnunuzi. Lakini mteja wangu hakulichagua basi lile. Mimi ndiye niliyelichagua, ndiye ninayezijua ofisi zao, ndiye mwenye risiti ya asili mkononi. Yeye akienda kudai Nanenane hajulikani na mtu. Kwa hiyo tunapatana vinginevyo, na nimeandika: aliyechagua msafirishaji ndiye anayebeba hasara ya njiani. Nikichagua mimi, mzigo ni wangu mpaka mteja aupokee kwa mkono wake. Akitaka niutume kwa dereva wake, au kwa kijana anayesafiri, ni wake tangu nilipomkabidhi mjumbe huyo, nami nampigia mteja simu papo hapo mjumbe akisikia.

Sharti hili linanigharimu, nami nalikubali kwa sababu linaweka mzigo wa hasara begani kwa mwenye uwezo wa kuizuia. Mtu anayejua kwamba atalipa mzigo ukipotea huandika jina pande mbili. Anayejua kwamba hatalipa huandika upande mmoja, na wala si kwa ubaya wa moyo. Tabia njema inahitaji kuwekewa sababu.

Halafu kuna mambo ambayo hayako mikononi mwangu. Huku katikati ya nchi tuna msimu mmoja wa mvua, kama Desemba mpaka Aprili, na makorongo yaliyokuwa makavu mwaka mzima hufurika kwa jioni moja. Kijiji kilicho nje ya lami kinaweza kukatika siku mbili. Nilikuwa na njia mbili: kuongeza siku kwenye kila ahadi ili nisionekane mwongo, au kusema ahadi yangu inaishia wapi. Nilichagua kusema. Jibu linasomeka kwamba muda ninaouahidi ni wa kufika stendi ya wilaya. Kutoka stendi kwenda kijijini ni kwa makadirio, na wakati wa mvua hata makadirio hayo sitayatoa kabla ya kumuuliza dereva wa njia ile. Nguo ambayo sinayo dukani, inayosubiri mzigo wa Kariakoo, nayo imetengwa. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, kwenda Dar es Salaam kuchagua mzigo kumekuwa kwepesi zaidi, lakini nguo iliyo Kariakoo bado iko Kariakoo. Kuisema ipo kwa sababu naweza kuipata kesho ni kumuuzia mteja safari yangu akidhani ananunua gauni.

Wateja wanaokasirika kwa kuchelewa ni wachache kuliko nilivyodhani. Wengi hukasirika kwa kutoambiwa. Mwambie mtu mapema kwamba Jumamosi haiwezekani, atakwenda kununua kwingine Ijumaa na kesho kutwa atarudi kwako. Ukimwacha na tumaini la uongo mpaka Ijumaa jioni, umemnyang'anya fedha na umemnyang'anya pia nafasi ya kujiokoa.

Isiponitosha je?

Risiti nyingi nchini zimechapwa maneno “mali ikishauzwa hairudishwi”. Kwa mtu aliyeishika nguo na kuijaribu, maneno hayo yana mantiki fulani. Kwa aliyenunua kwa picha hayana, kwa sababu hakuwa na nafasi ya kukagua. Alichonunua ni maelezo yangu. Sheria ileile ya Mauzo ya Bidhaa inasema kinachouzwa kwa maelezo sharti kilingane na maelezo. Basi kazi ya kubadilisha nguo huanza zamani, siku ninayoandika maelezo, na kiini chake ni saizi.

Herufi L kwenye lebo haimwambii mteja chochote cha uhakika. Kila kiwanda kina L yake. L ya mzigo mmoja inaweza kuwa M ya mzigo mwingine, na namba 12 ya Uingereza ni karibu na 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya. Kwa sababu hiyo siandiki herufi peke yake, naandika sentimita. Gauni linalazwa bapa mezani, linapimwa kwa tepu ya fundi kutoka kwapa hadi kwapa, kisha kipimo kinazidishwa mara mbili. Kiuno na hipsi vilevile, halafu urefu kuanzia begani. Mteja namwomba asijipime mwili, maana wengi hulegeza tepu au huvuta pumzi. Achukue gauni lake linalomkaa vizuri, alilaze, alipime namna ileile, alinganishe. Akilazimika kujipima mwili, na kitambaa kikiwa hakivutiki, kifua cha gauni kizidi kifua cha mwili kwa sentimita 5 au zaidi, la sivyo atashindwa kuinua mikono. Kitambaa kinachovutika hakihitaji nafasi hiyo.

Hapa nieleze kisa kimoja kwa ukamilifu, kwa sababu ndicho kilichonipa imani na utaratibu wote huu. Mwalimu mmoja wa Kondoa alinunua gauni la 48,000 kwa ajili ya sendofu ya binti yake, iliyokuwa Jumamosi. Alichagua L, ambayo maelezo yake yalisema kifua sentimita 98. Likamfikia Jumatano mchana. Jioni akanipigia.

“Mwanangu, hili gauni limenibana.”

“Shikamoo mama. Limekubana kifuani au kiunoni?”

“Marahaba. Kifuani, mkono hauinuki.”

Malalamiko ni mamoja, lakini yanaweza kuwa na wenyewe wawili. Ikiwa gauni lina sentimita 98 kama lilivyoandikwa, basi chaguo lilikuwa lake, na kwa masharti yaliyoandikwa nauli ya kurudisha na ya kutumiwa jingine, 10,000 kwa jumla, ni yake. Ikiwa halina sentimita 98, gauni halilingani na maelezo, na nauli zote ni zangu. Hatukuwa na haja ya kubishana. Nilimwomba alilaze mezani, aweke tepu kwapa hadi kwapa, apige picha. Picha ilionyesha 47. Mara mbili ni 94. Kiwanda kilikuwa kimekishona kipande kile kidogo kuliko vingine vyenye lebo hiyohiyo. Hasara ilikuwa ya duka.

Ilibaki shida ya muda. Kama ningesubiri la kwanza lirudi ndipo nitume la pili, Jumamosi ingepita. Kama ningetuma la pili bila chochote, ningekuwa na magauni mawili nje na shilingi za gauni moja. Utaratibu tulioufuata ni huu: Alhamisi asubuhi alilikabidhi la kwanza ofisi ya basi Kondoa na kunitumia picha ya risiti yenye jina la basi na namba za gari. Saa risiti ile ilipoonekana, la pili, XL lililopimwa upya na kuthibitishwa lina sentimita 106, lilitoka Nanenane, na risiti yake ikamwendea yeye. Magauni mawili yalipishana njiani, na kila mmoja wetu alikuwa na ushahidi mkononi. Ijumaa alikuwa amelijaribu. Nauli nilimrudishia kwenye namba ileile iliyolipia gauni. Hilo nalo ni sharti: fedha hurudi ilikotoka, hata mteja akiomba itumwe kwa namba nyingine, kwa sababu mwenye simu na anayeandika meseji si lazima wawe mtu mmoja.

Kilichonigusa katika kisa kile ni utulivu wake. Mama yule alikuwa na wasiwasi wa sendofu, nami nilikuwa na faida iliyoyeyuka kwenye nauli, na bado hakuna aliyepandisha sauti. Utulivu ule haukutoka kwenye tabia zetu. Swali la hasara ni ya nani lilikuwa limeshajibiwa siku nyingi kabla, wakati hakuna gauni lililombana mtu, na kilichobaki kilikuwa kusoma tepu.

Masharti mengine ya kubadilisha ni mafupi. Mteja aseme ndani ya siku tatu tangu apokee, lebo iwe haijakatwa, nguo isiwe imefuliwa wala kuvaliwa kwenye shughuli. Kujua kama imevaliwa si kazi ngumu: pindo la chini huwa na vumbi letu jekundu la Dodoma, makwapani hubaki ukungu mweupe wa diodoranti, na pafyumu haitoki kwenye shingo ya gauni kwa kuning'inizwa usiku mmoja. Nguo za ndani hazibadilishwi kabisa, kwa sababu za afya. Rangi nazipiga picha nje, kivulini, asubuhi, kwa sababu jua letu la mchana hupausha nyekundu na taa za ndani huifanya krimu ionekane njano. Mteja akiona rangi imetofautiana na picha, nahesabu kama kutolingana na maelezo. Picha ni maelezo pia.

Kupatana kabla

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Naona na urafiki huenda hivyohivyo. Watu wengi tuliogombana nao kwa sababu ya fedha hatukuwa na ubaya nao. Tulikopeshana bila kutaja siku ya kurudisha. Tulichangiana shamba bila kusema mvua ikikataa hasara ni ya nani. Tulimkabidhi ndugu pikipiki bila kusema tairi likipasuka nani ananunua. Tuliona kuyataja mambo hayo ni kukosa imani, tukayanyamazia, na siku yalipotokea kila mmoja alikuwa na jibu lake, lililompendelea yeye.

Kuuza nguo kwa watu nisiowaona kumenifunza kinyume chake. Kutaja hasara mapema ni namna ya kumheshimu mtu: unamwambia kwamba hata mambo yakiharibika, bado nataka tuendelee kusalimiana. Na kipimo cha sharti la haki ni kulisoma mara mbili, mara moja ukiwa uliyelipa na nguo haijafika, mara ya pili ukiwa uliyetuma na fedha haijaonekana. Ukiweza kulikubali katika nafasi zote mbili, liandike, lionyeshe kabla hujapokea shilingi, na siku litakapokuelemea wewe, lilipe bila kulibadilisha.